Fundi, Toa Kidole Chako Kwenye "Clear Data"

Kila gemu kubwa linapotoa toleo jipya, miavuli ya mafundi simu kuanzia stendi ya mabasi ya Nyegezi hadi njia ya kwenda Malimbe huzungukwa na vijana wenye sura za msiba. Shida yao ni moja. Gemu lilikuwa zima jana, usiku limejiapdeti, leo ukilifungua linaonyesha nembo, linahesabu asilimia kidogo, kisha linajitoa. Na mwavuli mzima una tiba moja tu. Fundi haulizi linajitoa wakati gani, wala simu imebakiwa na nafasi kiasi gani, wala gemu lenyewe lilipatikana wapi. Anapokea simu, kidole kinakimbilia Settings, na kabla mwenye simu hajamaliza kueleza, kila kitu kimefutwa. "Jaribu sasa, bosi. Elfu mbili."

Huo si ufundi. Ni uharibifu unaolipiwa, na nimechoka kuona watu wakishukuru kwa kuharibiwa.

Tuanze na vitufe vyenyewe, kwa sababu wizi wote umejificha hapo. Ukiingia `Settings`, kisha `Apps`, ukachagua gemu lako na kugusa `Storage`, utakuta vitufe viwili vimekaa bega kwa bega. Kimoja kinaitwa `Clear cache`. Kingine, kulingana na simu, kinaitwa `Clear data` au `Clear storage`. Vinafanana kwa umbo na vinatofautiana kama kufagia ua na kubomoa nyumba. Cha kwanza kinafuta keshe, yaani mafaili ya muda ambayo gemu liliyaweka ili lisiyatafute upya kila siku: picha za matangazo, kurasa za matukio, vipande vilivyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kioo. Ukiyafuta, gemu litayatengeneza tena lenyewe. Hupotezi kitu, ila ufunguaji wa kwanza utakuwa mzito kidogo.

Cha pili kinafuta vyote: mipangilio, vifurushi vya viwanja na wachezaji ulivyovishusha kwa bando lako ndani ya gemu, na alama inayoliambia gemu kwamba wewe ndiye wewe. Hapo ndipo penye kilio. Vijana wengi wa hapa hawajawahi kuunganisha gemu na akaunti yoyote. Siku ya kwanza waliona kitufe kilichoandikwa `Guest`, wakakibonyeza, wakacheza. Akaunti ya mgeni katika magemu mengi hutambuliwa kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya simu hiyohiyo. Futa data, ufunguo umekwenda. Timu aliyoijenga kwa miaka miwili imebaki huko kwenye seva, haina mwenyewe, na kijana anaanza upya na wachezaji wa kuokoteza. Fundi amepokea elfu mbili yake na hana habari.

Halafu mtu ananiambia, "Lakini baada ya kufuta lilifunguka." Ndiyo, lilifunguka. Limefunguka tupu, likadai kushusha tena GB nzima au zaidi, bando likaishia katikati, na jioni likajitoa palepale lilipojitoa asubuhi, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Chukua simu ya kawaida ya mwanafunzi wa chuo pale Malimbe, na tuipitie kwa tarakimu. Hifadhi yake ni GB 32, RAM ni GB 3, mfumo ni Android 11. Kwenye boksi imeandikwa 32, lakini mfumo wenyewe na programu zilizokuja nayo zimeshameza sehemu kubwa kabla kijana hajapiga picha ya kwanza. WhatsApp ina GB 6. Nafasi iliyobaki ni MB 900. Gemu lake la mpira limeapdetiwa kupitia Play Store bila tatizo, na sasa lenyewe linataka kushusha kifurushi cha ndani cha MB 600. Kijana anapiga hesabu yake: 900 toa 600, zinabaki 300, mambo safi. Mstari wa asilimia unakwenda hadi 78, gemu linajitoa. Analifungua tena, linajitoa 78. Mara ya tatu, 78.

Hesabu yake ndiyo iliyomdanganya. Kifurushi hushuka kikiwa kimebanwa, kisha hufunguliwa, na kwa muda fulani kilichobanwa, kilichofunguliwa na mafaili ya toleo la zamani vyote hukaa pamoja. Juu ya hapo, Android huhesabu simu kuwa imejaa kabla haijafika sifuri: kwenye simu ya ukubwa huu mpaka ni MB 500 hivi, na ukiteremka chini yake mfumo unaanza kuonya na kubana. Kwa hiyo kati ya zile MB 900, alikuwa na MB 400 tu za kuchezea. Faili likaandikwa nusu. Gemu linapofunguliwa tena linalikuta lile faili nusu, linajaribu kulisoma, linakufa. Ndiyo maana linafia mahali palepale kila mara. Gemu linalojitoa kwenye asilimia ileile linakuelekeza kwenye faili lililoharibika au nafasi iliyokwisha, na huhitaji kuwa mhandisi kulisikia.

Sasa tazama keshe ya gemu hilo: MB 48. Ifute utakavyo. Unahitaji GB 2 za wazi ili mambo yaende kwa raha, wewe unaleta MB 48! Na bado kuna watu wazima wanamwambia kijana "futa keshe" mara nne, mara tano, kana kwamba keshe huogopa kurudiwarudiwa. Keshe ikiwa ndiyo tatizo, ukiifuta mara moja, ukalifunga gemu kabisa na kuizima simu na kuiwasha, utaona tofauti papo hapo. Ni kweli kwamba mara nyingine ndiyo tatizo: mafaili ya muda ya toleo la jana yanagombana na toleo la leo, ukurasa wa matukio unaganda, picha zinakuja nyeusi. Lakini isipofaa mara ya kwanza, ya tano haitafaa.

Dawa ya kijana wa Malimbe ilikuwa WhatsApp. Aingie ndani ya WhatsApp yenyewe, `Settings`, kisha `Storage and data`, kisha `Manage storage`. Hapo WhatsApp inampangia video zilizosambazwa mara nyingi na mafaili yanayozidi MB 5. Mahubiri aliyotumiwa na kila shangazi, vichekesho vya kundi la darasa, video ileile ya harusi kutoka makundi matatu. Hapo GB 4 hutoka bila kugusa picha hata moja anayoipenda. Ila akishafuta vitu kwenye galari asishangilie mapema, maana simu nyingi hazifuti, zinahamishia kwenye pipa la taka, na huko vitu hukaa hadi siku 30 vikiendelea kula nafasi ileile. Pipa nalo limwagwe.

Nafasi ikishapatikana, bado kuna lile faili nusu. Hapa pia hakuna haja ya kubomoa. Magemu makubwa mengi, PUBG Mobile likiwamo, yana kitufe cha `Repair` kwenye ukurasa wa kuingilia. Kinakagua mafaili, kinakuta yaliyoharibika, kinashusha hayo tu. Badala ya GB nzima unatumia sehemu yake. Kitufe hiki kipo mbele ya macho ya kila fundi wa Nyegezi na sijawahi kumwona hata mmoja akikigusa. Hakileti elfu mbili.

Wala usimsikilize muuza memori kadi. Atakwambia ukichomeka kadi ya GB 64 shida imekwisha. Picha na video zako zitahamia huko, sawa, na hilo ni jema. Gemu na vifurushi vyake, kwenye simu nyingi, vitaendelea kudai nafasi ya ndani. Kadi haiongezi hata kipande kwenye hifadhi ambayo Settings inakuonyesha imejaa.

Na lile tangazo la "RAM 8 GB" lililobandikwa kwenye simu yenye RAM ya GB 4! Soma vizuri utaona imeandikwa 4+4. Zile nne za pili ni za kukopa: simu imekata GB 4 kutoka kwenye hifadhi yako na kuziita RAM. Hifadhi ni nzito mno ukilinganisha na RAM halisi, kwa hiyo gemu halinufaiki kwa kiasi unachoambiwa, na hapohapo umenyang'anywa nafasi ambayo apdeti ingeitumia. Mtu amekopeshwa kutoka mfukoni mwake, akashangilia. Kama simu imejaa, zima mkopo huo kwenye Settings, washa simu upya, uone nafasi inavyorudi.

RAM ina kifo chake tofauti, na fundi aliyesoma angekitambua kwa kuuliza swali moja. Gemu likijitoa kimyakimya katikati ya mechi, leo dakika ya kumi na kesho ya ishirini na tano, bila ujumbe wowote, ukajikuta umerudi kwenye kioo cha mwanzo, hapo mara nyingi mfumo ndio uliolikata kwa sababu RAM imejaa. Toleo jipya limekuja na nyasi nzuri zaidi na mashabiki wanaopunga mikono, na hivyo vyote hukaa kwenye RAM. Keshe haihusiki. Shusha ubora wa picha ndani ya gemu, funga programu nyingine, ipumzishe simu ikipata joto. Na likitoka na ujumbe kwamba programu `keeps stopping` papo hapo unapoligusa, kabla hata ya asilimia kuonekana, hiyo ni hadithi nyingine tena. Inahusu programu yenyewe au mfumo wa simu.

Kuhusu programu yenyewe nina ugomvi na ndugu zangu wa Xender. Nyegezi bando ni ghali, kwa hiyo mtu anarushiwa gemu na mwenzake, au analipa buku anawekewa kutoka kompyuta ya kibandani. Naelewa kwa nini. Lakini zama zimebadilika. Tangu Agosti 2021, Google inataka programu mpya zipelekwe Play Store kwa mfumo unaozigawa vipande: kipande cha msingi, kipande cha aina ya prosesa yako, kipande cha ukubwa wa kioo chako. Simu ya rafiki yako ilipewa vipande vyake. Anapokurushia, kikienda kile cha msingi peke yake, au kikienda na kipande cha prosesa isiyo yako, gemu linaweza kukaa kwenye simu vizuri, nembo ikaonekana, ukiligusa likafa. Unaweza kufuta keshe hadi Krismasi. Kinachokosekana hakijawahi kufika kwenye simu, utakifutaje? Na lililochakachuliwa ili upate sarafu za bure halina saini ya mtengenezaji, hivyo Play Store haiwezi kuliapdeti juu yake. Hapo hakuna namna ila kuliondoa na kuchukua la kweli, baada ya kuhakikisha akaunti imeunganishwa.

Nimefika kwenye kile ambacho kingepaswa kuwa cha kwanza, na ambacho mwavulini hakitazamwi kabisa: toleo la mfumo. `Settings`, `About phone`, `Android version`. Nusu dakika, hakuna bando, hakuna kinachofutwa. Ukiwa hapo tazama pia RAM halisi na kama imeandikwa `Go edition`. Android Go ilianza Desemba 2017 na Android 8.1 kwa ajili ya simu zenye RAM ndogo, na ni mfumo wa heshima kwa kazi yake: kupiga simu, WhatsApp, M-Pesa. Anayemuuzia mtoto simu ya namna hiyo akaiita "simu ya gemu" anajua anachokifanya.

Kila programu hubeba ndani yake kiwango cha chini cha Android inachokubali. Play Store hukiheshimu: simu iliyo chini ya kiwango haipewi toleo jipya, inaandikiwa kwamba kifaa hakiendani. Kwa hiyo mtu akisema "niliapdeti Play Store likaanza kujitoa", simu yake imepita kiwango cha chini kilichoandikwa. Ila kupita si kumudu. Walioandika kiwango walikijaribu kwenye simu zao, na yako iko ukingoni. Tarehe 2 Juni 2022 Konami waligeuza PES 2021 ya simu kuwa eFootball 2022 kwa njia ya apdeti, programu ileile, na walikuwa wametangaza mapema kwamba mahitaji ya simu yatapanda na baadhi ya simu zitaachwa nje. Aliyekuwa na simu iliyoachwa angeweza kufuta keshe na data na kuifomati simu nzima. Jibu lilikuwa limeshaandikwa kwenye tangazo.

Upande wa pili wa toleo ni kwamba mara nyingine gemu halina kosa, wala wewe. Machi 2021 programu nyingi za Android dunia nzima, Gmail ikiwamo, zilianza kufa zikifunguliwa. Chanzo kilikuwa apdeti ya kipande cha mfumo kiitwacho `Android System WebView`, ambacho programu hukitumia kuonyesha kurasa za mtandao ndani yake. Magemu nayo hukitumia kwenye ukurasa wa habari na wa kuingilia. Google walitoa marekebisho, watu wakaapdeti WebView na Chrome, programu zikarudi. Ni wangapi siku ile walifomatiwa simu kwa kosa lililofanyika mbali namna hiyo? Ndiyo maana nasema, gemu likikataa, ingia Play Store uapdeti WebView na Chrome, kisha angalia kama simu ina `System update` inayosubiri. Simu zetu nyingi za bei nafuu hupata apdeti moja ya mfumo, au zisipate kabisa. Ikiwa haipo, haipo, na fundi anayekuahidi kukupandishia Android kwa kuiflashi simu anacheza kamari kwa mali yako.

Mafundi peke yao nisingewaandikia makala nzima. Wakubwa wao ni watengenezaji wa magemu, ambao ukiwaandikia kwa ukurasa mzima wanakujibu kwa mstari mmoja uliotungwa tayari: futa keshe, ongeza nafasi, hakikisha mfumo ni wa kisasa. Ushauri si wa uongo. Uongo uko kwenye mpangilio, kwa sababu unafanya kosa liwe la kwako kabla hawajatazama la kwao. Na wanalo la kutazama. Play Store huwaonyesha programu yao inajitoa mara ngapi na kwenye simu za aina gani. Google imeweka mpaka: wakifikia asilimia 1.09 ya watumiaji wa siku waliopatwa na kujitoa wanakokuona kwa macho, programu inaweza kushushwa kwenye utafutaji. Kwa aina moja ya simu mpaka ni asilimia 8. Tafakari hizo namba ukiwa umekaa Nyegezi Kona na simu ya laki mbili. Wenye simu kama yako wakiwa wachache kati ya mamilioni, mnaweza kujitoa kila siku na wastani wa jumla usitikisike. Wanawaona kwenye jedwali. Wameamua mnaweza kusubiri.

Basi msisubiri kimya. Andika maoni Play Store, kwa Kiswahili, na uyaandike kama mtu anayejua: linajitoa asilimia ngapi au dakika ya ngapi, baada ya toleo namba ngapi, nafasi iliyobaki ni kiasi gani, keshe nimeshaifuta. Mtengenezaji anayaona pamoja na aina ya simu yako. Nyota moja yenye matusi haimwambii kitu.

Na usiku huu, kabla ya apdeti nyingine, fungua gemu ambalo bado ni zima, ingia kwenye mipangilio yake, tafuta mahali pa kuunganisha akaunti, uliunganishe na Google au akaunti ya mtengenezaji, uandike nywila mahali ambapo si ndani ya simu hiyo. Mzazi mwenye mtoto anayecheza, mfanyie. Kisha siku gemu likijitoa na ukalazimika kwenda mwavulini, kaa upande ambao unakiona kioo. Muulize fundi, "Kaka, unagusa `Clear cache` au `Clear data`?" Akisema ni kitu kilekile, chukua simu yako.